Umesajiliwa ofisi ya ajira lakini hupigiwi simu: kinachotokea ndani ya mfumo

Watu wengi hutoka ofisi ya ajira ya serikali na kitu kimoja mkononi: namba ya usajili. Wanaitunza, simu haizimwi, wanasubiri. Miezi inapita kimya, na mwisho wanaamua kwamba ofisi ile ni ya wenye wajomba. Upendeleo upo mahali pengi, siukani. Lakini nimekaa pande zote mbili za meza ile, kwanza nikiwa mtafuta kazi na baadaye nikipokea fomu za wengine, na faili nyingi nilizozikuta zimelala hazikulazwa na mtu yeyote. Zililazwa na tarakimu nne zilizoingizwa siku ya usajili, ambazo mwenye faili hakuambiwa wala hakuuliza.

Nitaifuata njia nzima kuanzia dirisha la usajili hadi barua ya kukutambulisha kwa mwajiri, nikimtumia mtu mmoja wa mfano: dada aliyefanya kazi stoo kwa miaka 6, kampuni ikapunguza watu, sasa anatafuta kazi ya aina ileile. Kabla ya kumfikisha dirishani, ni lazima ijulikane ofisi yenyewe ina uwezo gani.

Mkataba Na. 88 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1948, unaitaka kila nchi iliyouridhia iwe na huduma ya ajira ya umma isiyotozwa ada. Mkataba huo unataja kazi za ofisi: kuandikisha watafuta kazi, kuwahoji na kupima sifa zao, kupokea kwa waajiri maelezo kamili ya nafasi zilizo wazi, kuwapeleka watu wanaofaa kwenye nafasi hizo, na kupeleka majina ofisi ya eneo lingine pale ya kwanza inapokosa pa kuwaweka. Halafu kuna kifungu cha 10, ambacho watu hawakifahamu na ndicho kinachoeleza mengi: waajiri na wafanyakazi wanahimizwa kuitumia huduma hiyo kwa hiari. Kwa hiari. Mwajiri asipotaka kuleta nafasi yake ofisini haleti, na afisa hana la kumfanya. Hata akiileta, akapelekewa watu, bado yeye ndiye anayechagua wa kuajiri.

Kwa hiyo ofisi haina kazi za kugawa. Ina orodha mbili, ya watu na ya nafasi, na jukumu lake ni kuzikutanisha. Orodha ya nafasi ina urefu wa kile ambacho waajiri wameamua kukileta, na kwa kawaida wanaleta nafasi za kazi za mikono, za ukarani, za udereva, za ulinzi, za mauzo, na zile zinazohitaji watu wengi kwa mpigo. Nafasi za ngazi ya juu au za ubingwa mwembamba huzibwa kwa njia nyingine: watu wanafahamiana, au kampuni inatumia wakala wake. Kama wewe ni fundi, karani, dereva au umemaliza chuo juzi na unataka pa kuanzia, ofisi inaweza kukusaidia kweli. Kama wewe ni bingwa wa kitu kinachofanywa na watu wachache nchini, jisajili tu, lakini nguvu zako zipeleke kwingine.

Tovuti mbili zinazofanana kwa sura

Serikali nyingi zina tovuti za ajira za aina mbili, na watu wanazichanganya. Moja ni ya kuajiri watumishi wa umma. Hapo serikali yenyewe ndiyo mwajiri. Unaomba nafasi iliyotangazwa, unashindanishwa na wengine kwa sifa na usaili, na masharti ya tangazo hayana mjadala. Ya pili ni ya kuunganisha watu na waajiri wa kila aina, na mara nyingi inaendeshwa na ofisi ileile yenye dirisha la usajili. Kwenye hii ya pili mwajiri anatafuta ndani ya orodha ya watu, kwa hiyo unaweza kuitwa kwenye kazi ambayo hukuiomba.

Tofauti hii inabadilisha kazi yako. Kwenye tovuti ya utumishi wa umma, wasifu uliojaa vizuri bila kubonyeza kitufe cha kuomba hauna faida: hakuna atakayeutafuta. Kwenye tovuti ya kuunganisha, kubonyeza kitufe ni nusu tu ya kazi, kwa sababu kinachokuonyesha kwa mwajiri usiyemjua ni jinsi wasifu wako ulivyopangwa. Ukiingia kwenye tovuti usiyoijua, tafuta jambo moja: je, matangazo yote yana mwajiri mmoja, yaani taasisi za serikali, au yana kampuni mbalimbali? Jibu hilo litakuonyesha uko wapi. Hapa nitakaa zaidi kwenye aina ya pili, maana ndiyo inayoeleweka kidogo.

Siku ya usajili

Dada yetu wa stoo anafika dirishani. Ana kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, cheti cha kozi ya kompyuta, barua ya mwajiri wa zamani, na majina ya wadhamini wawili waliokubali kupigiwa simu. Hadi hapo amefanya vizuri. Kitu cha kukagua nyumbani kabla ya kutoka ni jina. Kama kitambulisho kina majina matatu na cheti kina mawili, au herufi moja imebadilika, mfumo unaosoma namba ya kitambulisho utachukua jina la kitambulisho, na cheti kitaonekana ni cha mtu mwingine. Hilo hurekebishwa kwa hati ya kiapo au kwa utaratibu wa kubadili jina, na taratibu hizo zina muda wake. Zianze kabla hujaitwa popote.

Afisa anauliza: "Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Anajibu: "Nilikuwa karani."

Afisa anaandika, anachagua kwenye orodha, foleni inasogea. Kosa limeshafanyika na hakuna aliyeliona.

Mifumo ya ajira haihifadhi kazi kwa majina ambayo watu wanayatumia, kwa sababu kazi moja ina majina kumi na jina moja lina kazi kumi. Inahifadhi kwa msimbo. Misimbo mingi duniani imejengwa juu ya orodha ya Shirika la Kazi Duniani inayoitwa ISCO-08, ingawa nchi nyingi zina toleo lake zenyewe lenye mabadiliko madogo. Orodha hiyo inaanza na makundi makubwa 10, yanagawanyika hadi kufikia makundi madogo kabisa 436, kila moja likiwa na tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza ina uzito kuliko zote, maana inabeba kiwango cha ujuzi. Kundi la 9 ni kazi za msingi, kiwango cha kwanza. Makundi ya 4 hadi 8, kuanzia makarani hadi waendesha mitambo, ni kiwango cha pili. Kundi la 3 ni mafundi sanifu na wasaidizi wa wataalamu, kiwango cha tatu. Kundi la 2 ni wataalamu, kiwango cha nne. Kundi la 1 ni mameneja.

Aliposema "karani" bila kuongeza neno, afisa alimweka 4110, yaani karani wa kawaida wa ofisi: mtu wa kuandika barua, kupanga majalada, kupokea simu. Angesema "nilikuwa nafanya kazi ghalani," pengine angewekwa 9333, wapakiaji na washushaji wa mizigo. Kwa kweli alikuwa anapokea mzigo, anaulinganisha na hati iliyokuja nao, anaandika kadi za stoo, anatoa bidhaa kwa maombi yaliyosainiwa, na kila mwisho wa mwezi anahesabu mali na kuoanisha na leja. Huyo ni 4321, karani wa stoo. Na kama angekuwa ndiye anayepanga manunuzi na usambazaji wa kampuni nzima, akisimamia bajeti na wafanyakazi wa idara, angekuwa 1324, meneja wa ugavi na usambazaji.

Mtu ni mmoja, jengo lilikuwa moja, na misimbo ni minne.

Sasa twende upande wa pili. Kampuni inaleta nafasi tatu za mtunza stoo. Afisa anaingiza 4321 kwenye sehemu ya kutafuta. Akipata watu wachache anapanua, anakata tarakimu ya mwisho na kutafuta 432, kundi zima la makarani wa kumbukumbu za bidhaa na usafirishaji. Akipanua zaidi, anatafuta 43. Dada yetu yupo 4110, chini ya 41. Hatatokea kwenye utafutaji wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Uzoefu wake wa miaka 6 upo ndani ya kompyuta ileile, mita moja kutoka kwa afisa anayemtafuta mtu kama yeye, na hautaonekana.

Namna ya kuzuia hili ni kueleza shughuli badala ya cheo. Cheo kiache mwisho. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi mambo manne au matano uliyokuwa unayafanya kila wiki, kila moja likianza na kitenzi, na ukiweza likiwa na kiasi. Kwa dada yetu ingekuwa hivi: "Nilipokea magari ya mizigo 4 hadi 6 kwa wiki na kukagua mzigo kwa hati. Nilitunza kadi za stoo za bidhaa 300 hivi. Nilitoa bidhaa kwa maombi yaliyosainiwa. Nilihesabu mali kila mwezi na kuandika taarifa ya upungufu. Nilitumia programu ya jedwali kwenye kompyuta." Afisa akisoma hayo hana nafasi ya kukosea.

Kisha uliza, kwa heshima, swali ambalo wengi hawaulizi: "Samahani afisa, umeniweka kwenye kundi gani la kazi, na msimbo wake ni upi?" Hiyo ni taarifa yako mwenyewe na unastahili kuijua. Iandike pembeni ya namba yako ya usajili. Orodha ya ISCO-08 inapatikana bure na kila kundi lina maelezo mafupi ya shughuli zake, kwa hiyo ukifika nyumbani unaweza kulinganisha. Ukikuta haiendani, rudi ukaombe irekebishwe, ukiwa na ile karatasi ya vitenzi na barua ya mwajiri inayounga mkono. Marekebisho ya namna hii ni ya dakika chache kwa afisa.

Mifumo mingi inaruhusu kazi zaidi ya moja kwa kila mtu. Weka mbili, pengine tatu, ambazo una ushahidi nazo. Dada yetu aweke 4321 kuwa ya kwanza na 4110 kuwa ya pili, kwa sababu kazi za ofisi pia aliziweza. Anayejaza kazi kumi anafikiri anapanua bahati, lakini mwajiri anayefungua wasifu huo anaona mtu asiyejua anachotafuta, na anafungua unaofuata.

Vichujio vinavyokutoa kimyakimya

Msimbo ukishakuwa sawa, bado kuna vichujio. Afisa akipata majina 200 chini ya msimbo mmoja hatasoma wasifu 200. Atapunguza kwa masharti ambayo mwajiri ametoa, na kila sharti linaendana na kisanduku ambacho wewe ulijaza kwa haraka siku ile.

Kisanduku cha mshahara unaotaka ndicho kinachowatoa wengi. Mtu anaandika kiasi anachokitamani. Mwajiri ameweka kiwango chake cha juu, mfumo unalinganisha, na wewe umeshatoka bila mtu kukusikiliza. Andika kiasi cha chini ambacho kweli ungekikubali, ukihesabu nauli na kodi. Mengine mtazungumza ukiwa mbele ya mwajiri. Kama mfumo unakubali "kwa makubaliano", chagua hilo.

Kisanduku cha eneo kinafuata. Ukiweka wilaya moja utatafutwa kwenye hiyo moja. Ukiweka nchi nzima, halafu ukaitwa mbali ukakataa, afisa ataandika kwamba umekataa nafasi, na hilo linabaki kwenye faili. Kwenye nchi ambazo wasio na kazi wanalipwa mafao, kukataa nafasi inayofaa bila sababu nzuri kunaweza kukukatia malipo. Weka maeneo ambayo ungehamia kweli.

Vingine ni vidogo, ila vinaumiza: zamu za usiku zilizoachwa wazi, jambo ambalo mfumo unalisoma kuwa "hapana", leseni ya udereva iliyoisha muda, kiwango cha lugha kilichosahaulika. Na juu ya vyote hivyo kuna tarehe.

Orodha ya watafuta kazi inachafuka haraka. Watu wanapata kazi, wanahama, wanabadili namba za simu. Mwajiri akipewa majina matano na matatu hayapatikani, safari nyingine haleti nafasi. Kwa sababu hiyo mifumo mingi inamtaka kila mtu athibitishe kwamba bado anatafuta, na asiyethibitisha ndani ya muda uliowekwa anahamishiwa kundi la wasio hai. Faili halifutwi, namba yako inabaki ileile, ukiingia kwenye akaunti unaona kila kitu kipo. Ila hutokei kwenye utafutaji. Angalia sehemu ya hali ya akaunti: kama inasema "si hai" au "imeisha muda", umekuwa unasubiri bure tangu tarehe ile. Siku ya usajili uliza uthibitisho ni wa kila baada ya muda gani, na unafanyika kwa simu, kwenye tovuti au kwa kufika. Kama hakuna muda uliowekwa, mimi ningeingia kila baada ya wiki nne na kubadili hata jambo moja la kweli, kwa sababu mifumo kadhaa inapanga majina kwa tarehe ya kuguswa mwisho, na afisa mwenye haraka anaanza na walio juu.

Kuhusu tovuti yenyewe, nitapita haraka. Ukituma ombi la nafasi, usitoke mpaka uone namba ya ombi au hali iliyobadilika kutoka "rasimu" kwenda "limetumwa". Maombi mengi yanayodaiwa kupotea yalibaki rasimu, kwa sababu kiambatisho kimoja kilizidi ukubwa unaoruhusiwa na ujumbe wa kosa ulikuwa chini kabisa ya ukurasa. Skani vyeti kwa rangi ya kijivu, kila cheti faili lake, ukipe jina linaloeleweka, kisha kifungue mwenyewe uone kama mhuri na namba vinasomeka. Piga picha ya skrini yenye namba ya ombi. Usingoje saa ya mwisho, kwa sababu siku ya kufunga kila mtu yuko kwenye mtandao huohuo na ukurasa unagoma kufunguka.

Ukiitwa: barua na maswali matatu

Dada yetu amerekebishiwa msimbo. Baada ya muda simu inalia: kuna nafasi ya mtunza stoo, aje achukue barua ya utambulisho aende kwa mwajiri. Hapa watu wanafurahi mno na kusahau kuuliza. Yapo maswali matatu ambayo afisa anaweza kuyajibu papo hapo kwa kuangalia skrini.

La kwanza: mwajiri alithibitisha lini mara ya mwisho kwamba nafasi bado ipo? Nafasi inayozibwa kwa njia nyingine mara nyingi haiondolewi kwenye orodha, kwa sababu mwajiri akishampata mtu hakumbuki kupiga simu ofisini. Kama uthibitisho ni wa zaidi ya wiki mbili zilizopita, mwombe afisa apige simu kwanza, ukiwa umekaa hapohapo. Simu ya dakika mbili inaweza kukuokolea nauli ya siku nzima.

La pili: watu wangapi wameshapelekwa, na nafasi ni ngapi? Ofisi hazipeleki mtu mmoja kwa nafasi moja. Zinapeleka kadhaa ili mwajiri achague, na huo ni utaratibu wa kawaida. Ukijua kwamba nafasi ni 3 na waliopelekwa ni 9, unajua pa kuweka matumaini yako, na unajua kwamba barua uliyoshika ni mwaliko wa kusailiwa tu.

La tatu: ni nini hasa mwajiri alichosisitiza alipoleta nafasi? Fomu ya mwajiri huwa na sehemu ya maelezo ya ziada, na mara nyingi ndipo ukweli wa kazi ulipo: "awe anaweza kuanza mara moja", "awe amewahi kushika bidhaa zinazoharibika", "ajue kutumia mashine ya kusoma lebo". Sentensi moja kutoka hapo inakupa jambo la kulitanguliza kwenye usaili.

Barua ya utambulisho au fomu inayoambatana nayo huwa na sehemu ya kujazwa na mwajiri: ameajiriwa, hakuajiriwa, na sababu. Usiiache iyeyuke. Mwombe mwajiri aijaze na kuisaini siku hiyohiyo, au angalau akuambie ataituma lini ofisini, kisha wewe mwenyewe urudishe taarifa kwa afisa. Jibu lisiporudi, faili lako linaweza kubaki na hali ya "amepelekwa", na afisa mwingine akiliona ataamini unashughulikiwa, akuruke. Nimekuta watu waliorukwa namna hiyo kwa muda mrefu kwa ajili ya nafasi iliyokwisha zamani.

Sababu ya kukataliwa nayo ina thamani. Mwajiri akiandika "hana uzoefu wa programu ya stoo", hiyo ni hoja ya kumpelekea afisa ili akuunganishe na mafunzo. Hapo ndipo ofisi ina kitu cha kutoa ambacho wengi wanakipita: kozi fupi zinazogharamiwa na serikali, nafasi za uzoefu wa kazi kwa waliomaliza masomo, wakati mwingine na posho ndogo, na ushauri wa kuandika wasifu. Nafasi za kozi hizo ni chache na hupewa kwanza wale ambao faili zao zinaonyesha pengo lililo wazi. Anayesema "nataka kozi yoyote" ana faili jepesi kuliko anayeonyesha maandishi ya mwajiri aliyemkataa kwa sababu moja.

Mtu akikudai pesa

Huduma ya usajili ya serikali haina ada. Hata kwa mawakala binafsi, Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe ada yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka ya nchi iliporuhusu kwa aina maalumu za wafanyakazi au huduma. Kwa hiyo anayekupigia akijitambulisha kuwa ni wa ofisi ya ajira na kutaka pesa ya "kuchakata faili", ya "sare" au ya "vipimo", kata simu, kisha piga ofisini kwa namba uliyopewa dirishani, siyo kwa namba aliyokutumia yeye.

Tovuti bandia zinatengenezwa kwa ustadi, zikiwa na nembo na rangi zilezile. Zinasalitiwa na anwani. Soma sehemu ya mwisho ya jina la tovuti, ile iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo, ukiacha ile miwili ya mwanzoni baada ya https, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mwenye tovuti. Maneno ya kuvutia yaliyotangulia hayana maana. Anwani ya ofisi iandike mwenyewe kwa mkono kila unapoingia, usibonyeze kiungo kilichotumwa kwenye kundi la ujumbe. Dalili nyingine ni barua ya ajira inayokuja bila usaili. Ofisi ya ajira haitoi barua ya ajira, kwa sababu si yenyewe inayoajiri. Inatoa ya utambulisho. Ukipokea ya ajira yenye nembo ya ofisi hiyo, kwa kampuni ambayo hujawahi kuzungumza nayo, imeghushiwa.

Baada ya kupata kazi

Dada yetu amechukuliwa. Kilichobaki ni kufunga faili: ampe afisa tarehe aliyoanza kazi na jina la mwajiri, ili hali yake ibadilike na asiendelee kuitwa. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana orodha inajaa namba zisizopokelewa na waajiri wanaikimbia. Mkataba ukiisha baada ya mwaka, asijisajili upya kwa namba nyingine. Faili mbili zenye kitambulisho kimoja husababisha mfumo kuzizuia zote hadi mtu azioanishe kwa mkono, na kazi hiyo huwa haina mwenyewe. Afungue ileile ya zamani, aongeze huo mwaka mmoja kwenye uzoefu, athibitishe simu, na aangalie kama bado imeandikwa 4321.